Elia na Kodi ya Mei
(Tangazo la redio la Pembeni, aplikesheni ya akiba)

(Kosta inasimama. Vijana wanacheka, mizigo inatupwa chini.)

MSIMULIZI: Geti la Mweka, mwezi Agosti. Elia ameshuka Kilimanjaro. Siku 7, kapandia Machame, kilo 20 kichwani. Malipo yameingia kwenye simu, tipu iko mfukoni. Leo Elia ni tajiri.

RAFIKI: Oya mgumu! Tunapita Majengo? Nyama iko jikoni!

ELIA: Twende! Bili ya leo niachieni mimi.

MSIMULIZI: Na akalipa kweli. Agosti akalipa, Septemba akalipa, Oktoba ndiyo usiseme. Tuelewane, Elia si mlevi wala si mvivu. Mtu katoka baridi ya Barafu kula uji na supu, akikutana na ndafu mjini atafanyaje?

(Mvua kubwa juu ya bati.)

Kisha masika. Wageni hakuna. Simu ya kampuni kimya.

(Hodi. Hodi tena.)

MAMA MWENYE NYUMBA: Elia, baba, ile kodi ya miezi sita.

ELIA: Shikamoo mama. Nivumilie mpaka Ijumaa.

MSIMULIZI: Ijumaa akaenda kukopa. Kausha damu! Msimu ulipofunguka, safari za mwanzo zote alibeba mizigo ya riba.

Dada yake, muuza mitumba wa Kiborloni, akamkalisha chini.

DADA: Mdogo wangu, hela ukiishika huiwezi. Basi usiishike.

MSIMULIZI: Akampakulia Pembeni. Elia akaruhusu mara moja tu kwa namba yake ya siri: kila malipo ya safari yakiingia, elfu 25 inajitenga yenyewe, na siku ya kufungua ni Mei mosi. Tipu hawakuigusa. Tipu ni ya nyama, kijana lazima aishi.

(Mvua tena. Hodi.)

MAMA MWENYE NYUMBA: Elia, baba...

ELIA: Shikamoo mama. Angalia simu yako.

(Mlio wa ujumbe.)

MAMA MWENYE NYUMBA: Laki mbili na arobaini! Marahaba, mwanangu. Mvua yote hii, hela umeitoa wapi?

ELIA: Mlimani, mama. Tangu Agosti.

MSIMULIZI: Safari 12, laki 3. Kodi imelipwa, elfu 60 imebaki, na dada ameshamchagulia buti Kiborloni kabla bunda halijafunguliwa kwa wengine.

Wewe unabeba mizigo, unasuka, unahudumia hotelini, unaendesha boda? Pakua Pembeni kwenye Play Store. Anza na elfu 1. Kiasi unapanga mwenyewe, siku ya kufungua unapanga mwenyewe. Ukipata dharura ukafungua mapema, akiba yako unaipata yote, unachokosa ni faida tu.

Pembeni. Itenge kabla hujaishika.

(Haraka) Vigezo na masharti kuzingatiwa.