Mkoba wa ngozi, umeshonwa kwa mkono Arusha

1
Uzi ukikatika, mshono haufumuki.
Tunashona kwa sindano mbili na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Kila tundu linapitiwa mara mbili, kwa hiyo upande mmoja ukikatika, wa pili unashika. Mshono wa cherehani ukiachia kona moja, huendelea kufumuka.

2
Mkanda hauchomoki.
Mikoba mingi hufia hapa. Tumeweka kipande cha ngozi kwa ndani na ribiti mbili za shaba kila upande.

3
Laptopu ya inchi 14 inaingia, pamoja na chaja.

4
Manyunyu ya masika yanateleza juu yake.
Tumeupaka nta ya nyuki. Ukilowa chapachapa, ufute, ujaze magazeti, uanike kivulini. Tafadhali usiuweke juani wala karibu na jiko: mafuta ya ngozi yakikauka, inakakamaa na kupasuka.

5
Haubanduki.
Ni ngozi halisi ya ng'ombe, milimita 2, bila utando wa plastiki juu.

6
Sh 165,000
Siku 5 za kushona. Arusha mjini tunakuletea, Moshi tunatuma kwa basi. Andika MKOBA inboksi, utaje rangi: kahawia au nyeusi.