Sungura na Kisima cha Bondeni

Paukwa! Pakawa!

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Huko juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, maji yalikwisha kabisa. Wanyama wakashuka bondeni kuchimba kisima. Wakaita:

“Sungura ee, njoo tuchimbe!”

Naye, kivulini mwa mkorosho:

“Chimbeni ninyi, umande wanitosha!”

Siku ya tatu maji yakatoka. Usiku Sungura akaja na kibuyu, akateka, kisha akaoga humohumo. Asubuhi, tope tupu! Simba akalinda, akasinzia. Fisi naye (mlinzi gani huyo!) akahongwa asali.

Kobe akasema, “Nipakeni ulimbo mgongoni.” Akajilaza majini, kimya.

Sungura akaona jiwe, akalikanyaga. Mguu ukanasa. Akalipiga kofi, mkono nao ukanasa.

“Niachie!”

“Maji haya ni jasho, bwana,” Kobe akajibu. “Wewe hukutoa lako, wanywa la nani?”

Kulipokucha akakabidhiwa jembe, achimbe kisima cha pili. Kobe akakaa kivulini, akaimba:

“Sungura ee, njoo tuchimbe!”

Naye, tope hadi masikioni:

“Nachimba, jamani, umande haukunitosha!”