Ombi la Nafasi ya Mkufunzi wa Wafanyakazi

Buruburu, Nairobi
Juni 16, 2025

Meneja wa Rasilimali Watu,
Chama cha Ushirika wa Akiba na Mikopo,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: NAFASI YA MKUFUNZI WA WAFANYAKAZI

Naomba nafasi iliyotajwa hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Masomo ya Biashara katika shule ya upili ya kutwa hapa Eastlands. Nimesajiliwa na TSC na nimefundisha tangu 2014. Sijawahi kuajiriwa na kampuni wala benki, kwa hiyo bila shaka mtajiuliza kwa nini mwalimu mwenye kazi ya kudumu anataka kuiacha.

Wanafunzi hawajanichosha. Walionigeuza ni walimu wenzangu. Shule yetu ilipoacha kujumlisha alama kwa kalamu na kuanza kutumia lahajedwali, nilipewa jukumu la kuwafunza, baadhi yao wakiwa wamenizidi umri kwa mbali. Mtu mzima hakwambii hajaelewa. Huitikia kwa kichwa, kisha kazi humwachia karani. Nikaacha kuhutubia ukumbini, nikakaa na kila idara juu ya alama zao wenyewe. Muhula uliofuata hakuna idara iliyomtafuta karani. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya kila siku. Shuleni, kupanda cheo ni kuelekea unaibu mkuu: nidhamu, karo na mikutano. Mshahara pia umo katika hesabu zangu, sitaficha.

Tangazo lenu linataka mtu wa kuwafunza makeshia na maafisa wa mikopo kuwaeleza wanachama gharama ya mkopo. Ningeanzia hapa: mkopo wa Sh100,000, mwaka mmoja, riba ya asilimia 12. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote, mwanachama analipa riba ya Sh12,000. Ikitozwa juu ya salio linalopungua, akirejesha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi, riba ni Sh6,500. Kiwango ni kilekile, ila afisa asiyeweza kuionyesha tofauti hiyo kwenye karatasi, mbele ya mama mboga mwenye haraka, atabaki kusema "ndivyo mfumo unavyosema". Kidato cha Tatu nimewafundisha hesabu hizi mara nyingi. Maafisa wenu watakuwa na maswali magumu zaidi, na nayasubiri kwa hamu.

Mifumo yenu ya kompyuta siijui, na nitahitaji kuketi kaunta na wafanyakazi kabla ya kuwafunza lolote. Pia sijasajiliwa na NITA kama mkufunzi. Mkiniajiri, nitaanza utaratibu huo mara moja.

Muhula wa pili unafungwa mwanzoni mwa Agosti, na singependa kuwaacha watahiniwa wangu wa KCSE katikati ya silabasi. Naweza kuanza baada ya hapo. Kabla ya hapo, mkinipa nusu saa na maafisa wenu wachache, nitakuja kufundisha mada yoyote mtakayoichagua, Jumamosi au jioni baada ya saa kumi na moja.

Wasifu wangu na nakala za vyeti nimeviambatisha.

Wako mwaminifu,

Mwalimu Achieng'