WARAKA WA NDANI: UKARABATI WA HOTELI, SAA ZA KELELE NA MAENEO YATAKAYOFUNGWA

Kutoka: Meneja Mkuu
Kwenda: Wafanyakazi wote wa hoteli, Shangani, Mtwara
Tarehe: 25 Mei 2026

Ukarabati uliokuwa ukisubiri mvua ziishe utaanza Jumatatu tarehe 8 Juni na kukamilika Jumamosi tarehe 15 Agosti 2026. Tumechagua kipindi hiki kwa sababu ni kikavu, na kwa sababu wanunuzi wa korosho watakapoanza kuingia mjini mwezi Oktoba hatutakuwa na chumba cha kuacha wazi. Mabati ya jengo la upande wa bahari, ambayo yameliwa na chumvi, yataezuliwa yote; mabomba na marumaru za mabafu ya ghorofa ya pili zitabadilishwa; na bwawa la kuogelea litazibwa nyufa.

Kazi za kelele, yaani kuvunja, kutoboa kwa drili na kukata mabati kwa grinda, zitafanyika kuanzia saa 3:30 asubuhi, kifungua kinywa kikiwa kimekwisha, hadi saa 6:30 mchana, kisha kuanzia saa 9:00 alasiri hadi saa 11:00 jioni. Siku ya Ijumaa kelele za asubuhi zitakoma saa 6:00 kamili kwa ajili ya sala, na hakutakuwa na kazi yoyote siku za Jumapili, Saba Saba na Nane Nane. Mkandarasi ameyakubali haya kwa maandishi, kwa hiyo mfanyakazi atakayesikia nyundo nje ya saa hizo asibishane na fundi, bali amjulishe msimamizi wa zamu papo hapo.

Vyumba 201 hadi 212 vimefungwa kwa kipindi chote, na mapokezi wasimpe mtu yeyote funguo zake hata hoteli ikijaa. Bwawa litafungwa hadi tarehe 4 Julai. Mgahawa wa ufukweni utafungwa wakati paa lake likiezuliwa, kuanzia tarehe 8 hadi 20 Juni, na chakula kitaandaliwa barazani upande wa bustani. Ngazi za nyuma zitatumiwa na mafundi, lakini zinabaki kuwa njia ya dharura: mfuko wa saruji utakaoachwa pale uondolewe kwanza, lawama zifuate baadaye.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mgeni yeyote asijue habari za kelele kwa kuzisikia. Aambiwe kabla hajalipa, hata kama kwa kuambiwa huko atakwenda kulala kwingine. Uangalifu wa pekee unahitajika kwa wageni wetu wa muda mrefu wanaofanya kazi kwenye gesi kule Msimbati, kwa kuwa wanaorudi kutoka zamu ya usiku hulala mchana. Hao wahamishiwe vyumba 101 hadi 108 vinavyotazama barabara kabla ya tarehe 6 Juni, na wahudumu wa vyumba wasaidie kubeba mizigo yao. Wageni wa nje wanaohesabu saa kwa mtindo wao waoneshwe muda kwenye saa ya ukutani, maana kwao saa tatu ni alasiri. Wahudumu wa vyumba wafunge madirisha ya upande wa bahari kila asubuhi, kwani kusi litasukuma vumbi ndani.

Mgeni akilalamika, asikilizwe hadi amalize, aombwe radhi, na apewe chumba kingine kikiwapo. Punguzo la asilimia 15 limekwisha kuidhinishwa kwa vyumba vyote vya upande wa bahari. Zaidi ya hapo muulizeni meneja wa zamu.

Maneno yafuatayo yatumike kama yalivyo.

Ujumbe kwa mgeni aliyeweka nafasi:

“Ndugu mgeni wetu, tunashukuru kwa kuchagua kulala kwetu. Tunapenda ufahamu mapema kwamba kuanzia tarehe 8 Juni hadi 15 Agosti 2026 hoteli itakuwa katika ukarabati. Kutakuwa na kelele asubuhi kuanzia saa 3:30 hadi saa 6:30 mchana, na tena saa 9:00 alasiri hadi saa 11:00 jioni, isipokuwa Jumapili na sikukuu. Bwawa litafungwa hadi tarehe 4 Julai, na mgahawa wa ufukweni hadi tarehe 20 Juni. Ukipenda kubadilisha tarehe au kurudishiwa malipo yako yote, tujibu kwa ujumbe huu nasi tutatekeleza bila makato.”

Kadi ya chumbani:

“Karibu sana. Mafundi wako kazini na tunakuomba radhi kwa usumbufu. Saa za kelele zimebandikwa mapokezi. Ikiwa unahitaji kulala mchana, piga 0 kwa simu ya chumbani, nasi tutakutafutia chumba kilicho mbali na kazi.”

Tangazo la mlangoni:

“Eneo hili limefungwa kwa ukarabati. Tafadhali usipite. Chakula kinapatikana barazani, upande wa bustani.”

Wakuu wa idara wausome waraka huu mbele ya zamu zote kabla ya tarehe 1 Juni, na kila mfanyakazi atie saini kwenye daftari la zamu.

Meneja Mkuu