Barua ya Kuwasilisha Mswada Kuhusu Ndege wa Mafunjo na Upotevu wa Makazi Yao

Kisumu, Kenya
14 Julai 2025

Kwa Mhariri Mkuu wa Jarida,

Mheshimiwa Mhariri,

KUH: KUWASILISHA MSWADA “KUSIKIKA SI KUZALIANA: MWITIKIO WA NDEGE WA MAFUNJO KWA UPOTEVU WA MAKAZI KATIKA VINAMASI VYA DUNGA, KOGUTA NA YALA”

Kwa niaba ya waandishi wenzangu watatu, nawasilisha kwako mswada uliotajwa hapo juu, nikiomba ufikiriwe kuchapishwa kama makala kamili ya utafiti. Mswada huu haujawahi kuchapishwa popote, wala hauko mikononi mwa jarida jingine, na waandishi wote wanne wameusoma na kuridhia uletwe kwako ulivyo.

Suala tunalolishughulikia ni hili: kinamasi cha mafunjo kinapokatwa, kuchomwa au kukaushwa, ndege wasioishi kwingine ila humo huitikia namna gani, na je, njia tuliyozoea ya kuwahesabu hutueleza ukweli kuhusu mwitikio huo? Kuhusu upotevu wenyewe, hapa kwetu hakuna shaka. Kazi ya Alfred Owino na Peter Ryan, iliyochapishwa mwaka 2007, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1969 na 2000 kinamasi cha Dunga kilipoteza nusu ya mafunjo yake, Koguta asilimia 47, na Kusa asilimia 34. Huko Yala, ambako kinamasi hutajwa kuwa na ukubwa wa hekta zipatazo 17,500, ukaushaji kwa ajili ya kilimo ulianza tangu miaka ya 1960, na umeendelea kwa vipindi hadi sasa. Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha ni kinachowapata ndege katika vipande vinavyosalia, hasa vile vyembamba vinavyoachwa kati ya shamba na mfereji.

Naomba uniruhusu nieleze kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichobadilisha mkondo wa utafiti wetu. Upande wa kusini wa Yala kuna ukanda wa mafunjo ambao upana wake hauzidi hatua ishirini, mahindi yakiwa upande mmoja na mfereji upande wa pili. Kila alfajiri tuliyofika hapo tuliwasikia dume na jike wa *Laniarius mufumbiri*, yule ndege mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu, wakiitikiana kwa namna yao, mmoja akitoa mlio na mwenzake akimdakiza pale pale hata mgeni akadhani ni ndege mmoja. Katika daftari la kuhesabia, kituo hicho kilipata alama kamili: ndege wapo, jozi moja, katika kila ziara. Lakini tulipokaa hapo saa nyingi badala ya dakika kumi, kwa misimu miwili ya mvua, hatukuona hata mara moja ndege akibeba ujiti wa kiota, wala chakula mdomoni, wala kinda mwenye rangi iliyofifia akiwafuata wakubwa. Mafunjo mapana yaliyo mwendo wa chini ya nusu saa kutoka hapo yalikuwa na dalili hizo zote. Sisi wenyewe tungeishia kwenye daftari, tungeandika kwamba ukanda ule unawatosha.

Kwa hiyo tulifanya kazi mbili sambamba. Ya kwanza ni kuhesabu kwa vituo vya kusikilizia, vituo 48 katika vinamasi vitatu, kila kimoja kikitembelewa mara nne kwa msimu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Takwimu zake tumezichanganua kwa modeli za ukaaji zinazozingatia kwamba ndege anaweza kuwepo asisikike. Ya pili, iliyokuwa ngumu zaidi na ambayo nadhani ndiyo yenye thamani, ni kukaa na kutazama dalili za kuzaliana katika nusu ya vituo hivyo. Tulipima urefu wa mafunjo, msongamano wa mashina, kina cha maji, umbali kutoka ukingoni, na alama za mikono ya watu: visiki vya mafunjo yaliyokatwa, majivu, njia za ng'ombe, mifereji mipya.

Matokeo hayafanani kwa spishi zote, na tumejitahidi tusiyalazimishe yafanane. Chiriku wa mafunjo, *Crithagra koliensis*, pamoja na *Cisticola carruthersi*, walionekana kustahimili ukataji wa kiasi, na pengine walipendelea kingo ambako mafunjo machipukizi yamechanganyika na nyasi. *Bradypterus carpalis*, ambaye husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana, alipungua haraka pale mafunjo marefu yalipokosekana, na hakukaa katika vipande vidogo. *Laniarius mufumbiri* yuko katikati kwa namna inayopotosha, kwani huendelea kuimba katika vipande ambamo hatukupata dalili yoyote kwamba analea. Spishi ya tano tuliyoitarajia, *Calamonastides gracilirostris*, tuliisikia mara chache mno kiasi kwamba hatukuiingiza katika modeli. Tumeieleza kwa maneno tu, na tungeomba wahakiki wasitutake tuifanyie hesabu ambayo data haiwezi kuibeba.

Tofauti kubwa zaidi tuliyoiona ni kati ya kukata na kukausha. Fundi wa mikeka wa Dunga hukata shina juu ya maji na kuuacha mzizi mnene unaotambaa chini, nao huchipuza tena. Ndege wanaohama wakati wa kukatwa wana mahali pa kurudia, mradi kipande cha jirani kimeachwa kisimame. Mfereji ukichimbwa maji yakaondoka, au moto ukipita juu ya kinamasi kikavu, mzizi wenyewe hufa, na hapo panapandwa kitu kingine. Tunalisisitiza jambo hili katika mjadala wa mswada kwa sababu mara nyingi lawama huangukia wale wanaoonekana na mundu mkononi. Ushahidi wetu unaelekeza kwamba ukataji wa zamu, unaoacha mafunjo marefu yaliyoshikana kwa upana, unaweza kwenda pamoja na ndege hawa wengi, na kwamba kinachowamaliza ni kuondolewa kwa maji. Mimi binafsi naliona hili kuwa jambo la haki kwa watu wa Dunga na Koguta kama lilivyo jambo la ikolojia, na sikutaka lijifiche katika jedwali.

Kuna udhaifu ambao ni wajibu wangu kuutaja kabla hujauona mwenyewe. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, yakafunika sehemu za vinamasi na kung'oa mafunjo mengine yakaelea kama visiwa. Uchunguzi wetu ulianza baada ya hapo, katika mandhari iliyokuwa bado inajirudisha. Hatuwezi kutenganisha kikamilifu athari ya mafuriko na athari ya mikono ya watu katika vituo vilivyo karibu na ziwa, hasa Dunga, ambako pia gugumaji husukumwa na upepo likafunga midomo ya vijia vya maji. Tumeendesha uchanganuzi mara mbili, pamoja na vituo hivyo na bila hivyo. Mwelekeo haukubadilika, ingawa makadirio ya Dunga yana upana mkubwa wa mashaka. Vilevile misimu miwili ni michache kwa swali la kuzaliana. Jozi isiyolea leo huenda ikalea mwaka ujao, na ndiyo maana hatusemi popote katika mswada kwamba vipande vyembamba havina faida.

Tumelichagua jarida lako kwa sababu linasomwa na wanaohesabu ndege katika ukanda huu, wakiwemo wanaofanya hivyo kwa kujitolea kila mwaka, nao ndio tunaotaka wabadilishe kitu kimoja katika fomu zao: safu ya dalili za kuzaliana kando ya safu ya idadi. Ikiwa nafasi ni finyu, tuko radhi kufupisha sehemu ya maelezo ya eneo la utafiti. Tungeomba tu kiambatisho cha majina ya Kijaluo ya ndege na ya hatua za ukuaji wa mafunjo kisiondolewe, kwa kuwa majina hayo ndiyo yaliyotuwezesha kuainisha mafunjo kwa umri.

Hilo linanifikisha kwa mwandishi wetu wa tatu. Yeye ni mvuvi na mwongoza watalii wa Dunga, hana shahada, na ametajwa kama mwandishi kamili. Alipanga njia za mtumbwi, alitambua milio ambayo sisi wengine tuliikosea, na wazo la kukaa muda mrefu katika ukanda ule wa Yala lilikuwa lake. Huko nyuma niliwahi kushauriwa na jarida jingine nimhamishie katika shukrani mtu wa aina yake. Nilikubali, nami nimejuta. Safari hii naomba orodha ya waandishi ibaki kama ilivyo.

Kuhusu maslahi, natangaza kwamba miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa pili alilipwa kushiriki katika tathmini ya mazingira kwa niaba ya mwekezaji wa kilimo katika kinamasi kimojawapo kati ya hivi vitatu. Kazi hiyo iliisha kabla ya utafiti huu kuanza, na hakuna data yake iliyotumika hapa. Sisi wengine hatuna maslahi yoyote ya kifedha ya kutangaza. Utafiti ulifanywa kwa leseni ya NACOSTI na kwa idhini ya wazee na vikundi vya vijijini husika. Hatukumnasa ndege yeyote, hatukutumia sauti zilizorekodiwa kuwaita, na hatukukaribia kiota chochote tulichokiona. Mahali pa viota pameondolewa kwenye data tutakayoiweka wazi, ili pasitafutwe na wapiga picha. Data iliyosalia pamoja na msimbo wa uchanganuzi, ulioandikwa kwa R, vitapatikana kwa yeyote siku makala itakapochapishwa, na wahakiki wanaweza kuvipata sasa kupitia mfumo wenu.

Nimeambatisha mswada, ikisiri, majedwali manne, ramani mbili na kiambatisho cha majina. Majina ya wahakiki tunaowapendekeza yako kwenye fomu ya mfumo. Hakuna kati yao aliyewahi kufanya kazi nasi. Kuanzia Agosti hadi katikati ya Septemba nitakuwa Yala, ambako mtandao hupatikana jioni tu, hivyo majibu yangu yanaweza kuchelewa kwa siku moja au mbili.

Wako mwaminifu,

Nekesa Achieng'
Mwandishi mwenye dhamana ya mawasiliano, kwa niaba ya waandishi wote