Barua ya kufunga Alhamisi zetu

Chumbageni, Tanga
4 Novemba 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikikueleza kwa mdomo utalia, nami nitalegea, na Alhamisi ijayo tutakuwa palepale barazani na daftari lako. Soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Nimeamua kuacha kazi ya kukuongoza kwenye biashara. Kikao chetu cha mwisho ni Alhamisi tarehe 27 mwezi huu, baada ya Alasiri kama kawaida. Baada ya hapo hakuna kingine.

Tanga yetu husemwa waja leo waondoka leo. Wewe umekuja miaka mitatu, na sijutii hata Alhamisi moja. Ulipoanza ulikuwa ukipika mafuta ya nazi kwenye sufuria ya kuazima, hela ya mafuta na hela ya mboga zinalala mkoba mmoja. Leo unajua gunia la nazi za Pangani limetoa lita ngapi, chicha unayomuuzia mfuga kuku unaiandika kwenye mapato, na nazi unazinunua mapema kabla Ramadhani haijapandisha bei. Barua ya SIDO ya kukupeleka TBS uliihangaikia mwenyewe, mimi nilikuonyesha mlango tu. Kwa hiyo usije ukasema umeachwa njiani.

Lililonisukuma nalo ulijue, maana ukinyamaziwa utabuni sababu zako. Mwezi wa nane mwenye duka wa Lushoto alitaka chupa 60 na akaomba umpunguzie. Ukamwambia asubiri mpaka uniulize. Nilikuwa msibani Muheza, simu nimeizima. Kesho yake alikwisha kununua kwa mwingine. Ulinilaumu, lakini mimi nilijilaumu zaidi. Mwanafunzi wa miaka mitatu akishindwa kutaja bei ya chupa yake mwenyewe, mwalimu kuna mahali amekosea.

La fomu ya mkopo ni zito kuliko hilo. Afisa mikopo alinipigia kunihakikisha kuwa nakudhamini shilingi milioni 3. Jina langu na namba yangu vimeandikwa, mimi sina habari. Uliniomba radhi, nikakusamehe siku ileile, na msamaha wangu siurudishi. Ila tangu siku hiyo kila ukifungua daftari mbele yangu nawaza ni wapi pengine nimeandikwa. Kwa moyo huo siwezi kukuongoza kwa haki.

Kuanzia tarehe 28, maswali ya bei, wateja, mikopo na wafanyakazi usinitumie, wala kwa simu wala kwa WhatsApp. Ukituma sitajibu, na ukimya wangu usiusome kuwa ni hasira. Jina langu lisitajwe kwa mteja wala kwa mkopeshaji. Usiseme "Shangazi ndiye anayesimamia," hata kwa utani. Sitakudhamini, sitakukopesha. Yule afisa nimeshamwambia kuwa mimi si mdhamini wako, sikutaka ulisikie kwake kwanza. Ukihitaji barua ya kuthibitisha kuwa umejifunza kwangu, niambie kabla ya mwisho wa Desemba, nitakuandikia moja, na nitaandika ninayoyajua tu.

Siri za hesabu zako zinabaki kwangu. Hakuna mtu Ngamiani atakayejua kutoka kinywani mwangu unadaiwa na nani au unapata faida gani. Nawe ya nyumbani kwangu uliyoyaona barazani yaache barazani.

Nakujua, utataka kumtuma mama yako aje kuniombea. Usimtume. Yeye ni mwenzangu, akija atakuta chai na vitumbua, ila neno hili hatutalizungumza. Na usiniletee zawadi ya kunilainisha. Yale mafuta ya kila mwezi sasa nitayanunua dukani kwa bei yako kama wateja wengine. (Ya mwezi jana yalikuwa mazuri, hayakuwa na harufu ya moshi.)

Mambo ya watu hayahusiani na haya. Ukiwa na arusi nitakuja na khanga yangu, ukiwa na msiba nitalala kwenye jamvi. Tukikutana sokoni nisalimie kama siku zote, niulize miguu inanisumbua vipi. Ukianza tu kuuliza ya nazi, nitaaga.

Mizani ndogo niliyokuazima ni yako, usiirudishe. Daftari lako la kwanza, lile la jalada la bluu, liko kabatini kwangu, nitakukabidhi tarehe 27. Siku hiyo njoo na la sasa tufunge hesabu za Oktoba. Awamu ya Desemba ya TRA utaikokotoa mwenyewe, mimi nitakuwa pembeni nakunywa chai.

Wasalaam,
Shangazi yako