Maneno ya Kumkaribisha Mzungumzaji Mkuu, Mkutano Mkuu wa Chama cha Kuhifadhi Mji, Ngome ya Lamu

Asalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mabibi na mabwana, wanachama wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, karibuni tena. Ripoti ya mwaka mmeisikia, hesabu mmezipitisha. Sasa nimepewa kazi ya kumkaribisha mzungumzaji wetu mkuu, nami kama katibu wenu nimeipokea kwa furaha.

Mgeni wetu ni fundi mwashi. Mji mzima unamwita Mzee Fundi, naye mwenyewe ameniomba nimtaje hivyo hivyo. Wengi wenu mmekaa chini ya dari alizozitengeneza bila kujua ni kazi ya mkono wake. Na wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2018, hapo nje Mkunguni, mbele ya lango la ngome hii, alisimama mbele ya watu akasema chama hiki kinapenda kuta kuliko watu wanaolala ndani yake.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu najua tangu tulipobandika tangazo la mkutano huu, barazani hakuna mazungumzo mengine. Nimesikia kwamba amekuja kuomba radhi. Nimesikia pia kwamba sisi ndio tumemwita tumwombe radhi yeye. Yote mawili si kweli. Kamati ilikaa, ikajiuliza ni nani anayeweza kutuambia jambo la maana kuhusu nyumba zetu kwa miaka ijayo, na jina lake likapita bila kupigiwa kura. Barua tuliyompelekea haikuwa na sharti lolote juu ya atakachosema, na jibu lake lilikuwa fupi: atakuja, na atasema anachokiamini.

Kwanza niwaeleze kazi yake, maana ugomvi wetu umewafanya wengine wamjue kwa maneno yale tu.

Alianza akiwa kijana mdogo, akimbebea mjomba wake karai. Kabla hajaruhusiwa kushika mwiko, alijifunza kupanga tanu, magogo chini na mawe ya matumbawe juu, likachomwa mpaka jiwe likawa chokaa. Kisha akajifunza kuiloweka hiyo chokaa na kuisubiri, maana ikitiwa ukutani kabla ya wakati wake hupasuka. Timazi ilikuja baadaye. Zidaka zilikuja mwisho kabisa, kwa kuwa mjomba hakumkubalia mtu kuchonga kidaka mpaka aweze kupiga plasta ya ukuta mzima bila wimbi.

Mwaka jana nilimfuata kwenye nyumba moja mtaa wa Mkomani, mwenye nyumba alipolalamika kuwa dari imelegea. Sisi wengine tuliangalia katikati ya dari, pale ilipobonyea. Yeye hakuitazama katikati hata mara moja. Alipanda ngazi, akatoa msumari mrefu mfukoni, akauchoma kwenye boriti pale kichwa chake kinapoingia ukutani. Kwenye boriti ya kwanza msumari uligoma. Kwenye ya pili uligoma. Kwenye ya tatu ukazama wote, bila nyundo, kwa nguvu ya kidole gumba. Akauchomoa, akaunusa, akasema maji yanatoka juu kwenye bomba la jirani. Tulikwenda kwa jirani, na bomba lilikuwa linavuja. Boriti huoza pale zisipoonekana, ndani ya ukuta, na mtu anayeijua nyumba huanzia hapo.

Basi mtu huyu alisema nini mwaka ule? Nataka niyaeleze maneno yake kama alivyoyakusudia, naye yupo hapa, nikikosea atanisahihisha.

Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchi nzima, na mikoko yetu, inayotupa boriti, ikaingia humo humo. Boriti zikaadimika. Wakati huo huo chama chetu kilikuwa kimetoa waraka kuwaomba wenye nyumba katika Mji Mkongwe wasimwage slabu za zege juu ya kuta za matumbawe, na wasipige plasta ya saruji. Mzee Fundi akauliza: boriti zimezuiwa, saruji mnaikataa, mama mwenye dari inayomwangukia afanye nini? Alikumbusha kwamba nyumba nyingi za mawe hapa zilijengwa au kurithishwa kwa mabinti, baba akimwoza mwanawe humpa nyumba. Kwa hiyo anayesoma waraka wetu, mara nyingi, ni mwanamke mmoja aliyebaki na nyumba ya ghorofa mbili na kipato kidogo. Akishindwa kukarabati, anauza. Akiuza, aghlabu mnunuzi anatoka mbali. Ukuta unabaki mzuri, na ukoo unahamia nje ya mji. Hiyo ndiyo hoja. Aliijenga kwa mpangilio, hakumtaja mtu kwa jina, na kabla hajaisema Mkunguni alikuwa ameshaileta ofisini kwetu.

Na chama kilisema nini? Na hili pia ni haki yake lisikike, kwa sababu waliouandika waraka ule hawakuwa watu wa kupenda mawe tu. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na zinapumua. Unyevu na chumvi ya bahari huingia na kutoka. Ukizifunika kwa saruji, chumvi inakwama ndani, na baada ya miaka michache plasta inabambuka na kipande cha ukuta. Slabu ni nzito, na ukuta uliojengwa kubeba boriti na chokaa haukupimiwa uzito ule. Wazee wetu hawakufanya vyumba vyembamba vya mita mbili na nusu au tatu kwa kupenda. Huo ndio urefu ambao boriti inaweza kuubeba. Nyumba nzima imepimwa kwa boriti. Juu ya hayo, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na orodha hiyo si kaburi la maandishi: Dresden kule Ujerumani iliondolewa mwaka 2009, Liverpool ya Uingereza mwaka 2021, zote kwa sababu ya ujenzi mpya.

Hoja hizo tunazishikilia mpaka leo. Naye, kwa ninavyomjua, zile za saruji na chumvi hajawahi kuzipinga, kwa sababu alizijua kabla yetu. Alichokataa ni sisi kuanza na katazo, na msaada ukaja baadaye au usije kabisa.

Desemba mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja iliporomoka, jengo maarufu kuliko yote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, nao uko kwenye orodha hiyo hiyo ya dunia tangu mwaka 2000. Siku zile kamati yetu ilikaa kimya sana. Jengo lilikuwa na jina, lilikuwa na heshima, na ukarabati ulikuwa unaendelea. Mimi binafsi nilimkumbuka Mzee Fundi, maana alikuwa amesema Mkunguni kwamba orodha haibebi dari.

Tangu hapo utaratibu wetu una hatua moja mpya. Kabla ya barua kwenda kwa mwenye nyumba, fundi hutangulia kwenda kuangalia, na barua huambatana na maelezo ya kazi inayohitajika na njia ya kuipata chokaa. Hatua hiyo imetoka kwenye maneno yaliyosemwa kwa hasira kidogo hapo nje, na ni haki mwenyewe atajwe.

Bado tunatofautiana. Yeye anaona sheria ya sura za nyumba kwa nje iwe ngumu, lakini ndani mwenye nyumba aachiwe nafasi zaidi. Kamati inaona sehemu zote za nyumba, yaani daka, kiwanda, msana na ndani, ni mwili mmoja, ukikata kimoja umebakiwa na ganda. Yeye anataka mafundi wawe na kura katika kutoa vibali. Sisi hatujakubaliana juu ya hilo, hata kati yetu wenyewe. Asubuhi hii mmemsikia mwenyekiti akisema jambo hilo litarudi kwenye ajenda. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani mkono tuliopeana mlangoni umemaliza hayo.

Kuna jambo moja nataka kulisema kutoka moyoni. Kwa muda baada ya Mkunguni, Mzee Fundi alikataa kazi zetu, na baadhi yetu tuliacha kumpigia simu. Lakini hakuna siku alipopita mtaani akaacha kutusalimia, na hakuna siku kijana wetu alipokwenda kwake kuuliza namna ya kuchanganya chokaa akarudishwa. Wanafunzi wetu wa ufundi walikuwa wakienda kwake jioni, nasi tukijua. Hakuwahi kuwaambia vijana wale wachague upande. Mtu anayetupinga hivyo ametutendea wema, nasi tunaona ni heshima kumpa jukwaa hili, tena kubwa kuliko la mwaka ule.

Kwa wanachama: naomba maneno yake yapate nafasi nzima. Kama kuna atakayetaka kumjibu, na najua wapo, kipindi cha maswali ni nusu saa kamili, na kipaza sauti kitazunguka hadi kwa kina mama upande wa kulia kabla hakijarudi mbele. Maswali yawe maswali. Mwenye hoja ndefu atapewa zamu baada ya sala ya adhuhuri.

Atazungumza kuhusu boriti: zinatoka wapi sasa, bei yake imefika wapi, na kama nyumba zetu zinaweza kusubiri mpaka mikoko mipya ikomae. Ameleta vipande viwili vya mbao, viko mezani hapo, na ameomba vipitishwe mkono kwa mkono wakati anaongea. Kimoja ni kizima, kingine kimeoza. Msijali vumbi.

Mzee Fundi, tumekaa kukusikiliza. Karibu sana, jukwaa ni lako.